Hewa inayogoma kutoka kifuani hata ukipuliza mpaka mwisho

*"Shikamoo dokta. Mi niko form 5 PCB hapa Tukuyu. Tulipima pumzi kwa dumu la lita 5 tulilojaza maji tukaligeuza kwenye beseni, nikapuliza kwa mpira mpaka mwisho nikapata lita 3.4. Kitabu kinasema ndani bado inabaki kama lita 1.2. Rafiki yangu akanibana mbavu kwa nyuma ikatoka kidogo tena. Sasa kwa nini iliyobaki haitoki, na kama haitoki, waliipimaje?"*

Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie huyo rafiki yako asirudie, mbavu siyo kitu cha kufanyia mchezo. Ila bila kujua amekufanyia jaribio zuri kuliko hilo la dumu, maana ile hewa kidogo iliyotoka alipokubana ndo inatuonyesha kwa umri wako kinachozuia ni nini.

Watu wengi wanadhani pafu ni kama puto, unalifungua mdomo linanywea mpaka mwisho. Pafu lenyewe kweli linapenda kunywea muda wote, hata hapo ulipo saa hizi linajivuta kwa ndani. Tatizo ni nyumba linamokaa. Kifua chako ni kama tenga la nyanya, yale ya mianzi yanayoshuka na malori kutoka Ilula. Ukilikumbatia tenga tupu ukalibana linakubali kidogo, linajikunja, afu linafika mahali linagoma, na ukiachia linarudi lenyewe lilivyokuwa. Mbavu ziko hivyohivyo. Ukitoa pumzi ya kawaida huzibani, zinashuka zenyewe. Ukitaka kutoa zaidi ya hapo inabidi misuli ya tumbo isukume matumbo yapande juu yainue kiwambo (ile sahani ya misuli inayotenganisha kifua na tumbo), na misuli midogo katikati ya mbavu ivute mbavu chini na ndani. Kadiri unavyoendelea kubana, tenga linazidi kusukuma kwa nje, na wakati huohuo misuli yako imeshajikunja, na msuli uliokwisha kujikunja hauna nguvu tena, jaribu kubana kitu kwa ngumi huku kifundo cha mkono umekikunja kwa ndani kabisa utaona ngumi inalegea yenyewe. Sasa kuna hatua nguvu ya misuli na ubishi wa mbavu vinalingana. Hapo ndo mwisho wako. Hewa iliyobaki ndani ndo hiyo hewa baki ya kitabu chenu.

Kwa hiyo rafiki yako alipoongeza mikono yake juu ya misuli yako, mzani uliinama kidogo upande wa kubana, ikatoka. Ni kawaida kwa kijana, kwa sababu mirija yako ndani bado iko wazi na kinachokusimamisha ni mbavu. Mzee wa miaka 70 ungembana hivyo usingepata kitu cha maana, ungemvunja tu. Nitafika huko.

Lakini usije ukafikiri basi tukipata mtu mwenye nguvu zaidi tutaimaliza yote. Hapa nenda buchani. Pale Mwanjelwa au hapo kwenu omba kipande cha pupu la ng'ombe, siyo ghali, ukifika nyumbani kitupe kwenye ndoo ya maji. Kitaelea. Kitoe, kiminye kwa mikono yote miwili kama unakamua nguo, damu na povu vitoke, kirudishe. Kitaelea tena. Kikate vipande vidogo kama nyama ya mishkaki, vibane kimoja kimoja, bado vinaelea, na mama yako analijua hilo siku zote maana supu ya mapupu usipoiwekea mfuniko yanakaa juu juu. Hapo hakuna mbavu, hakuna kiwambo, ng'ombe alishachinjwa na pafu limeshanywea lenyewe kadiri linavyoweza, na bado lina hewa. Kwa hiyo kuna kizuizi cha pili na hicho kimo ndani ya pafu lenyewe.

Kizuizi hicho ni mirija midogo. Bomba kubwa la hewa shingoni na matawi yake ya mwanzo yana gegedu, lishike hapo kooni utalisikia ni gumu, halibonyei ukilibana. Ila matawi yanazidi kugawanyika mpaka yanafika upana wa milimita 1 hivi na kushuka, na hayo hayana gegedu kabisa, ni ngozi laini. Kinachoyaweka wazi ni nyama ya pafu inayoyazunguka, inayoyavuta pande zote kama kamba za turubai la msibani. Turubai lina umbo lake kwa sababu kamba zimekazwa. Ukivuta pumzi pafu linatanuka, kamba zinakaza, mirija inapanuka. Ukitoa pumzi pafu linanywea, kamba zinalegea, na ukifika chini sana turubai linaanguka, mrija unajifunga. Na unajifunga kabla vifuko vya hewa vilivyo nyuma yake havijamaliza kutoa. Hewa iliyoko kule nyuma imefungiwa, na sasa ukiminya zaidi unaminya kifuko na mrija wote kwa pamoja, maana ake unazidi kuufunga mlango. Ndo maana pupu haliishi hewa hata ulikamue vipi.

Kwa kijana mbavu zinakataa kabla mirija mingi haijafunga. Kwa mzee kamba za turubai zimelegea na umri, mirija inafunga mapema, kwa hiyo hewa baki yake inakuwa nyingi zaidi hata kama hajawahi kuumwa chochote. Namba moja ya kitabu inaficha sababu mbili tofauti, na mimi naona hili lingefundishwa kabla ya ule mchoro wa mawimbi mnaokariri.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndo tamu zaidi. Dumu lako linapima kinachotoka tu. Hata mashine ya spairomita tunayotumia sisi ni hivyohivyo, inapima kinachopita mdomoni, hewa baki haiioni kabisa. Ukitaka kujua maji yaliyomo kwenye tanki usilolifikia ndani unafanyaje? Unamwaga humo chumvi kiasi unachokijua, unakoroga, unachota kikombe unapima chumvi imekuwa nyepesi kiasi gani. Ikiwa nyepesi sana, tanki lina maji mengi. Basi. Humphry Davy, yule mkemia Mwingereza, alijifanyia hivyo mwenyewe kwa kuvuta haidrojeni na akachapisha matokeo mwaka 1800. Haidrojeni inalipuka, kwa hiyo usimwige huko maabara ya shule. Siku hizi inatumika heliamu, haiwaki, haina harufu, na muhimu kuliko yote haiingii kwenye damu kwa kiasi cha kuharibu hesabu, inabaki kwenye hewa.

Tuchukue mtu mmoja. Mashine ina lita 4 za hewa na asilimia 10 ya hiyo ni heliamu, yaani mililita 400 za heliamu. Mtu anapumua kawaida tu, na akiwa ndo kamaliza kutoa pumzi ya kawaida (siyo ile ya kujikamua), tunafungua koki anaanza kupumua ndani ya mashine, ametulia, pua imebanwa. Mashine inanyonya kaboni dayoksaidi anayotoa na kumrudishia oksijeni anayotumia ili jumla isibadilike. Baada ya dakika kadhaa kipimo cha heliamu kinaacha kushuka, kinasimama kwenye asilimia 6.25. Heliamu ni zilezile mililita 400, ila sasa zimetawanyika kwenye mashine na mapafu kwa pamoja. Gawanya:

```
400 / 0.0625 = 6400
6400 - 4000  = 2400
```

Lita 6.4 ni mashine pamoja na kifua, toa lita 4 za mashine unabaki na lita 2.4, hizo ndo zilikuwa kifuani tulipofungua koki. Halafu tunamwambia kutoka palepale kwenye mwisho wa pumzi ya kawaida, toa yote mpaka ushindwe. Anatoa lita 1.2. Basi iliyobaki ni 2.4 kutoa 1.2, na hiyo lita 1.2 ndo namba uliyoisoma. Hakuna aliyeitoa nje ili kuipima.

Kuna makosa mawili hapo ninayokutana nayo. La kwanza ni mdomo kuvuja, mtu ana meno mawili hayapo au hakubana midomo vizuri, heliamu inatoka kidogo kidogo chumbani na kipimo kinaendelea kushuka bila kusimama. Usiposhtuka utaandika mtu ana mapafu ya tembo. Kipimo kisiposimama, acha, anza upya. La pili ni gumu zaidi na nitakusimulia kwa mgonjwa.

Kuna mzee alikuja kwangu kutoka upande wa Makete, nimebadilisha mambo madogo madogo asijulikane. Amevuta sigara miaka mingi na kule baridi ilivyo moto wa kuni unakaa ndani ya nyumba siku nzima. Shida yake ni moja, akipanda kilima hata kifupi anasimama kama mtu aliyekabwa, na anasema hewa haiingii. Kwenye spairomita alitoa lita 2.5 tu. Ukiangalia hapo tu unaweza kusema mapafu yamekuwa madogo. Ila angalia alivyotoa. Wewe ukipuliza kwa nguvu zote, sehemu kubwa inatoka ndani ya sekunde ya kwanza. Yeye sekunde ya sita bado anapuliza, shingo imesimama mishipa, na mchoro bado unapanda taratibu kama mtu anayepanda Rungwe na mzigo. Kifua chake kimejaa mbele kama pipa, na picha ya eksirei ilionyesha kiwambo kimelala bapa badala ya kuwa kama bakuli lililofunikwa. Yaani mapafu yake yalikuwa makubwa kupita kiasi, yamejaa hewa isiyotoka. Moshi ulikuwa umekata kamba za turubai, mirija inafunga mapema, hewa baki yake ilikuwa zaidi ya lita 3 na nafasi ya hewa inayoingia na kutoka imebanwa huko juu.

Na ndo maana alisema haiingii. Haiingii kwa sababu haijatoka. Akiwa amekaa ana muda wa kutoa taratibu, akipanda kilima pumzi zinaharakishwa, anavuta nyingine kabla ya kumaliza kutoa ya kwanza, kila pumzi inaacha akiba juu ya akiba, baada ya dakika chache kifua kimejaa mpaka shingoni na misuli haina tena nafasi ya kuvuta. Wenyewe bila kufundishwa wengi wao hutoa pumzi kwa midomo iliyobinywa kama anayepuliza moto wa jiko. Siyo mazoea tu, ule upinzani wa midomo unabakiza mgandamizo kwenye mirija ndani isijifunge mapema.

Sasa kosa la pili la heliamu ni kwa watu kama yeye. Heliamu haifiki kwenye vifuko vilivyofungiwa, au inafika polepole mno, kwa hiyo hesabu inakuambia hewa baki ni ndogo kuliko ilivyo. Kwa wagonjwa hao panatakiwa chumba kidogo cha kioo kama kibanda cha simu za zamani, mtu anakaa ndani mlango umefungwa, anajaribu kupumua huku mrija wa mdomoni umezibwa kwa muda mfupi, kifua kikitanuka mgandamizo wa kibandani unapanda na wa mdomoni unashuka, na kwa kanuni ya Boyle unapata hewa yote iliyoko kifuani hata ile iliyofungiwa. Boyle ni yuleyule mnayemsoma kwenye fizikia. Tofauti kati ya namba ya kibanda na namba ya heliamu ndo hewa iliyofungiwa.

Bado hujauliza ila najua utauliza, hii hewa baki inasaidia nini au ni uchafu tu uliobaki. Twende kwenye pumzi yako ya kawaida, ile taido voliumu. Ipime kwenye dumu, vuta na utoe bila kujikaza utapata kama nusu lita. Katika hiyo mililita 500, kama 150 zinaishia njiani, puani na kwenye mabomba makubwa, hazifiki kwenye vifuko. Zinafika 350. Zinakuta nini kule? Zinakuta zile lita 2.4 za mwisho wa pumzi ya kawaida, nusu yake ikiwa ndo hewa baki. Kwa hiyo kila pumzi unabadilisha kama sehemu moja kati ya saba tu ya hewa iliyoko kwenye vifuko. Inaonekana ni uzembe, ila fikiria mgao wa maji. Maji yanakuja mara moja moja, lakini kwako bomba linatiririka wakati wote kwa sababu kuna tanki. Moyo hausimami kusubiri uvute pumzi, damu inapita mapafuni unapovuta na unapotoa, na ingekuwa kila ukitoa vifuko vinabaki vitupu basi damu ya wakati huo ingepita bila oksijeni, afu ya pumzi inayofuata ikapata nyingi ghafla. Kwa sababu ya tanki, oksijeni ya vifuko inapanda na kushuka kidogo sana kati ya pumzi na pumzi. Hata ukijikamua mpaka mwisho kama ulivyofanya kwenye dumu, ile lita 1.2 inaendelea kuihudumia damu kwa muda mfupi mpaka uvute tena.

La pili ni kunata. Chukua mfuko wa plastiki laini, ulowanishe ndani, ubanane kabisa, afu jaribu kuupuliza ufunguke. Mwanzo unagoma, ukishapata upenyo unafunguka kirahisi. Vifuko vya mapafu vina maji kwa ndani, vikinywea vyote vinanata, na kuvifungua upya kila pumzi kungekumaliza nguvu kabla ya saa nne asubuhi. Mwili una dawa yake, utando fulani unaoitwa safaktanti, unafanya kazi kama sabuni kwenye maji, unapunguza mnato. Pamoja na hewa inayobaki, vifuko havifiki mahali pa kunata.

Kuhusu lita 3.4 zako, usiandike hivyo kwenye ripoti. Hewa imetoka kifuani ina nyuzi 37 na imejaa mvuke, ikaingia kwenye maji ya Tukuyu ya asubuhi, tuseme nyuzi 18, ikanywea. Kwa baridi hiyo na kwa mgandamizo wa hewa wa miinuko yetu, kifuani ilikuwa kama lita 3.8. Pima joto la maji kwanza, au tumia maji ya vuguvugu, na kabla ya kusoma inua au shusha dumu mpaka maji ya ndani na ya nje yalingane. Na wale wanaosema sisi wa milimani tuna hewa baki kidogo kwa sababu hewa ni nyepesi, hapana, ujazo ni uleule, kilichopungua ni idadi ya chembe za oksijeni ndani ya ujazo huo.

Ukimaliza hilo, siku ukipata nafasi ya kuingia wodi ya watoto njiti angalia kitu kimoja. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 34 hivi mara nyingi safaktanti yake haijatosha, kila akitoa pumzi vifuko vinanywea na kunata, na utamsikia anaguna kila akitoa. Anaguna kwa sababu anabana koo ili hewa isitoke yote, anajitengenezea hewa baki kwa koo lake. Manesi wanamsaidia kwa mrija puani ambao upande wa pili umezamishwa kwenye chupa ya maji, kama sentimita 5 hivi. Ni dumu lako ila kwa kazi ya kinyume, maji yale yanamzuia asitoe hewa yote. Chupa inatakiwa itoe mapovu muda wote. Yakinyamaza nesi hasubiri, anaangalia mrija umechomoka puani au mtoto kaachama mdomo hewa inapitia huko.